Swali la Sita la Mwalimu Mwanvita

Jumatano saa nne asubuhi, katika ukumbi wa sekondari moja ya mjini Morogoro, kalamu nyekundu ya Mwalimu Mwanvita Said iliganda juu ya sifuri. Sifuri hiyo hakuiandika yeye. Iliandikwa na Innocent, kijana aliyekaa hatua nne kutoka kwake, na ilikuwa imekaa vizuri kabisa kulingana na mwongozo wa usahihishaji. Shida ni kwamba mtahiniwa aliyepewa sifuri alikuwa sahihi, na mwongozo ulikuwa wa Mwanvita.

Tueleze kwanza habari za huyu mama, maana bila kumjua mtu atasema, sifuri moja tu, makelele ya nini. Mwanvita alizaliwa Mkuyuni, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, mtoto wa tano wa muuza ndizi. Akawa mwalimu wa hisabati wakati ambapo wasichana waliosoma hisabati mkoani walihesabika kwa vidole, na vidole vingine vikabaki. Alifundisha miaka thelathini na minne. Kwa miaka tisa mfululizo yeye ndiye aliyetunga mtihani wa moko wa hisabati wa kidato cha sita, ule wa kuwapima vijana kabla ya mtihani wa taifa, na katika miaka yote hiyo hakuna msimamizi aliyewahi kusimama mbele ya watahiniwa akasema, "Kalamu chini, kuna sahihisho." Watunzi wa fizikia walisahihishwa. Wa kemia ndiyo usiseme. Mwanvita, kamwe. Walimu wa mkoa walikuwa na msemo wao: ukipata jibu tofauti na la Mwalimu Mwanvita, angalia betri ya kikokotoo chako. Yeye alikuwa akicheka na kusema acheni utani, lakini tusidanganyane, msemo ule alikuwa anaupenda kama mtu anavyopenda mto wake wa kulalia.

Na huu ulikuwa usahihishaji wake wa mwisho. Mwezi wa saba anastaafu. Walimu walikuwa wameshachangishana wakanunua kanga na saa ya ukutani, wakaficha chini ya meza ya chai, na kila mtu alijua zilipo, pamoja na yeye mwenyewe. Ijumaa, kazi ikiisha, angeagwa.

Usahihishaji wenyewe huenda kwa mnyororo. Madawati huunganishwa, walimu wanakaa mstari mmoja, na kila mwalimu ana swali lake. Karatasi ya mtahiniwa inapita: wa kwanza anasahihisha swali la kwanza, anasukuma kwa jirani yake, na jirani naye hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari, ambako Mwalimu Paskalia wa Mgeta anajumlisha. Kwa hiyo mwalimu mmoja anaona jibu la swali lilelile mara mia tatu na themanini na sita. Ikifika ya hamsini hasomi tena, jicho linatafuta jibu tu. Ndiyo maana kiongozi wa jopo, yaani Mwanvita, huchomoa karatasi moja kati ya kila kumi na kuisoma upya yote. Hii aliyoishika ilikuwa ya ishirini na sita kuichomoa.

Swali la sita lilikuwa na fanksheni ya vipande viwili. Kabla ya kufika mbili, na pale kwenye mbili penyewe, fanksheni ni a mara x kipeo cha pili. Baada ya mbili, ni 4x jumlisha 1. Tafuta thamani ya a ili fanksheni iwe na mteremko pale x inapokuwa mbili, yaani vipande viwili vishikane bila kona wala mkato. Alama tano. Mwongozo ulisema: mteremko wa kipande cha kwanza ni 2ax, ukiweka mbili unapata 4a. Mteremko wa kipande cha pili ni 4. Linganisha: a ni 1. Basi.

Mtahiniwa huyu alifanya hivyohivyo, akapata a ni 1. Halafu akaendelea. Aliandika kwamba vipande sharti kwanza vikutane. Cha kwanza, kwenye mbili, kina kimo cha 4a. Cha pili kinaanzia kwenye kimo cha tisa. Ili vikutane, a lazima iwe tisa juu ya nne. Mteremko unataka moja, kimo kinataka tisa juu ya nne, na a ni herufi moja tu, haiwezi kutii mabwana wawili. Akapiga mstari kwa rula, na chini yake akaandika kwa mwandiko mdogo, kama anayeogopa kuonekana: hakuna thamani ya a.

Innocent alikuwa amezungushia maneno hayo duara jekundu. Pembeni: 0.

Mwanvita alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Akaivaa. Aligeuza karatasi ya ziada akapiga hesabu upya, polepole, kwa kuanzia chini kabisa, kama anavyowalazimisha wanafunzi wanaojidai. Weka a ni moja. Kwenye mbili fanksheni ina kimo cha nne. Sogea kulia kidogo tu, hatua h: kimo kinakuwa tisa na 4h. Tofauti ni tano na 4h. Gawa kwa h. Unapata nne, na juu yake tano gawanya kwa h, na h ikizidi kuwa ndogo, ile tano juu ya h inapaa haina mwisho. Hakuna mteremko hapo. Kuna shimo la kimo cha tano. Akajaribu tisa juu ya nne: vipande vinakutana vizuri, lakini kushoto mteremko ni tisa, kulia ni nne, kona tupu. Akarudia mara ya tatu, safari hii akiomba moyoni akosee. Hakukosea. Alikuwa amekosea mwezi wa kumi na moja, alipotunga swali, sasa hivi alikuwa anapatia.

Alijua saa ileile lilikotoka kosa.

Swali lile alilitunga na herufi mbili. Kipande cha pili kilikuwa 4x jumlisha b, na swali lilisema tafuta a na b. Swali safi: mteremko unakupa a ni moja, halafu kimo kinakupa nne sawasawa na nane jumlisha b, kwa hiyo b ni hasi nne. Herufi mbili kwa masharti mawili, kila sharti na herufi yake. Lakini mtihani ulikuwa umezidi urefu, ukurasa wa nne ulikuwa na mistari miwili tu, na mpiga chapa alilalamika. Mwanvita akaamua kupunguza. Akaifuta b, na mahali pake akaandika 1, namba yoyote tu, akijiambia kwamba namba tupu hufa ukitafuta mteremko, haina madhara. Jibu la a lilibaki lilelile. Na kwa kuwa b haikuwepo tena ya kutafutwa, hatua ya pili ilionekana haina kazi, akaifuta kwenye mwongozo pia.

Wala hakuwa amelala. Hapo ndipo palipomuuma. Alifanya vile kwa sababu ya msemo wake mwenyewe, ambao amewaimbisha vijana miaka na miaka: "Mteremko kwanza, kukutana kutajileta." Aliujenga juu ya kanuni ya kweli kwamba fanksheni yenye mteremko mahali fulani haiwezi kuwa imekatika mahali hapo. Kanuni haina kosa. Lakini kulinganisha miteremko ya vipande viwili, kila kimoja kwake, si ushahidi kwamba fanksheni nzima ina mteremko kwenye kiungo. Maswali yake yote ya nyuma yalikuwa na b, na b ilikuwa inakuja kimyakimya kuziba shimo. Alikuwa amejenga njia ya mkato juu ya daraja ambalo hakuwahi kulitazama chini, mpaka siku alipoling'oa yeye mwenyewe.

Mtu atauliza, mtihani haupitiwi? Unapitiwa. Anayeupitia anatakiwa aufanye mwenyewe bila kuona majibu. Ila wa Mwanvita, kwa miaka tisa, walikuwa wanatazama mikato na nukta tu. Nani atajisumbua kukokotoa nyuma ya Mwanvita?

"Mwalimu, chai," Paskalia alimwita kutoka mwisho wa mstari.

"Nakuja, mama."

Hakwenda. Chai ililetwa, chapati ikalazwa juu ya kikombe, na vyote vikapoa. Aliogopa. Tuseme wazi, maana wengi wangemsingizia ushujaa: alikuwa na miaka hamsini na tisa na aliogopa kama mtoto aliyevunja mtungi. Alifikiria Ijumaa. Aliona kanga zikikunjuliwa na watu wakipiga makofi nusunusu. Alifikiria walimu wa fizikia.

Kisha likamjia wazo, na lilikuja likiwa na adabu zote. Kiongozi wa jopo ana ruhusa ya kubadili alama. Akate sifuri, aandike tano, atie sahihi, asukume mbele. Nani atauliza? Mtoto apate haki yake, na mama apate kanga zake. Kalamu ilishuka mpaka ikagusa karatasi, ikaacha kitone chekundu.

Na wengine je? Alivuta lundo lililopita asubuhi akaanza kupekua swali la sita peke yake. Moja, sahihi. Moja, sahihi. Moja. Tisa juu ya nne, sifuri. Moja. Alikuwa anatazama milango mara kwa mara kama mwizi wa kuku. Kwenye karatasi ya thelathini na kitu akaikuta nyingine: hakuna a. Sifuri. Kwa hiyo walikuwa wawili, na lundo lilikuwa bado.

Dirishani milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu mpaka kiunoni, na mvua ilikuwa inashuka upande wa Matombo. Alipokuwa mtoto, mwaka mmoja wa mvua kama ile, ardhi ilimeguka ikaikata barabara juu ya Mkuyuni. Baba yake alimpeleka kutazama. Barabara ya juu ilikuwa inateremka vilevile kama siku zote, na ya chini ilikuwa inateremka vilevile. Ukiitazama kwa mbali, ungesema ni barabara moja. Ila kipande cha chini kilikuwa kimeshuka kimo cha mtu, na ndizi za baba yake zikaozea upande wa juu. Mteremko uleule, na hakuna aliyepita. Alikuwa amelijua jambo hili tangu ana miaka minane, akalisahau kwa sababu ya kusoma.

Alisimama. Akaichukua karatasi ile akamwendea mwenyekiti wa kituo cha usahihishaji, Mwalimu Abdulswamad, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye tai hata wakati wa jua kali.

"Mama, shikamoo. Nilikuwa nakuja kwako, kuhusu Ijumaa."

"Marahaba. Ijumaa ngoja. Swali la sita halina jibu."

Abdulswamad alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alipomwona uso akaacha. Mwanvita akamwonyesha, kimo kwa kimo, mteremko kwa mteremko. Mwenyekiti alikuwa mtu wa jiografia, lakini si mjinga. Alichezea tai.

"Nani amegundua?"

"Mtahiniwa."

"Namaanisha, sisi hapa. Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

Akashusha sauti. "Mama, tuzungumze kama watu wazima. Hii ni moko. Haiendi Baraza la Mitihani, haimpeleki mtu chuo. Karatasi mia mbili na sitini zimeshapita, Ijumaa tunafunga, posho za siku ya ziada sina. Maji yakimwagika hayazoleki. Hao wawili watatu uwarekebishie kimyakimya, yaishe. Na wewe unastaafu. Kwa nini ujichafue dakika za mwisho?"

Hapa palikuwa mahali rahisi pa kugeuka. Amri imetoka juu, lawama si yake tena. Mwanvita alihisi kabisa mwili wake ukitaka kusema sawa, Mwenyekiti. Alitazama mwandiko mdogo uliojificha chini ya mstari wa rula.

"Huyu mtoto atarudishiwa karatasi," alisema. "Kimyakimya nikimpa tano, mwalimu wake atafundisha nini? Mwongozo wangu unakwenda shule zote. Atasema jibu ni moja, na mwezi wa tano watu mia tatu watakwenda mtihani wa taifa na uongo wangu mkononi. Mficha uchi hazai, baba. Nipe dakika kumi mbele ya jopo."

Abdulswamad alipumua kwa pua. Hakusema ndiyo. Alisogeza kiti pembeni ampishe.

Walimu saba walikuwa wanamalizia chai. Mwanvita alisimama mbele ya ubao na chaki ikamvunjikia vidoleni mara mbili. Sauti ilitoka nyembamba mwanzoni. Hakuzunguka. Alisema swali la sita lina kosa, kosa ni lake, si la mpiga chapa wala la aliyepitia. Akachora vile vipande viwili: mkunjo unaopanda mpaka kimo cha nne ukakoma, na juu yake, hewani kwenye kimo cha tisa, mstari mnyoofu unaoanza kwa mteremko uleule. Alipomaliza, mvua ilikuwa inaanza kwenye bati.

"Kwa hiyo mwongozo mpya," alisema, na akauandika. Aliyeonyesha sharti la kukutana, alama mbili. Aliyeonyesha sharti la miteremko, alama mbili. Aliyesema masharti hayapatani, hakuna a, alama moja. "Zote zirudiwe, kuanzia ya kwanza. Nitazirudia mwenyewe. Posho sitaki."

Paskalia ndiye aliyeanza. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mwalimu," alisema, na akavuta lundo kwake. Wengine wakaguna kukubali. Haikuwa mbaya kama alivyoogopa. Hakuna aliyecheka. Mwanvita alianza kupumua.

Ila Innocent alikuwa bado ameinama. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, miaka minane nyuma, mmoja wa wale wanaokaa mbele na kuandika hata kikohozi cha mwalimu. Sasa naye alikuwa mwalimu Mgeta, na swali la sita lilikuwa lake. Alikuwa anazungusha kalamu nyekundu mezani.

"Mwalimu," alisema bila kuinua uso, "mimi niliona Jumatatu."

"Uliona nini?"

"Kwamba vipande havikutani. Siku tulipopitia mwongozo. Nilikokotoa usiku, ikakataa. Nikakokotoa tena. Nikasema haiwezekani. Wewe hukosei. Nikaona mimi ndiye sielewi. Basi kila aliyeandika hakuna a nikampa sifuri, na kila nikimpa najisikia vibaya, lakini nampa. Wako kumi na mmoja. Namba zao ninazo." Akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

Mwanvita alikipokea. Miaka tisa ya kutosahihishwa alikuwa ameivaa kama nishani, na sasa aliiona kwa upande wa pili: kijana mwenye akili, mwenye hesabu sahihi mkononi, siku mbili anawapiga sifuri wenye haki kwa sababu ya jina la mwalimu wake. Machozi yalimjia na hakuyazuia. Akavuta kiti akakaa karibu na Innocent, na wakaanza na zile karatasi kumi na moja, yeye anasoma, kijana anaandika tano. Sifuri kumi na moja zilikatwa kabla ya adhana ya adhuhuri.

Kazi ya kufungwa Ijumaa waliifunga Jumamosi. Kanga alipewa, na saa pia, na makofi yalikuwa ya kawaida. Abdulswamad alitoa hotuba ndefu ambayo haikugusa swali la sita hata kwa bahati mbaya.

Jumatatu Mwanvita aliingia darasani kwake, kidato cha sita, wanafunzi ishirini na wawili. Hakusalimia sana. Aliandika ubaoni swali la sita jinsi lilivyokuwa kwenye mtihani, na chini yake jibu la mwongozo wa zamani, mteremko sawa na mteremko, a ni moja. Akaweka chaki chini.

"Kuna kosa hapo. Kosa la mwalimu. Nani ataniambia?"

Walikuwa wanatazamana kwa pembe za macho. Aliwajua: walikuwa wanatafuta mtego. Dakika moja ikapita, halafu ya pili. Alitamani kuwasaidia, akajizuia, akaendelea kusimama na moyo unamdunda kuliko siku ile ya jopo, kwa sababu sasa alikuwa anasubiri kuona amewafanya nini watoto hawa miaka miwili.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, mkono mmoja uliinuka nusu, ukarudi, ukainuka tena. Alikuwa Raya, msichana mkimya ambaye mwandiko wake ulikuwa mdogo, kama ule wa chini ya mstari wa rula.

"Samahani, Mwalimu," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Havikutani. Hakuna a."

"Sikusikia," alisema Mwanvita, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana. "Simama useme. Na hiyo samahani iache kwenye kiti."